Kosa Linalojionyesha na Kosa Linalonyamaza

Anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na hesabu ya ajabu. Anaandika 0.1 + 0.2 katika Python au JavaScript, anabonyeza kitufe, na badala ya 0.3 anapata 0.30000000000000004. Akiuliza, karibu kila mahali anapewa ushauri uleule: usiziamini namba zenye desimali, tumia namba kamili. Leo nataka kuupinga ushauri huo. Sisemi ni uongo. Nasema ni nusu ya ushauri, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Kosa la desimali ni dogo, mpaka wake unajulikana, na mara nyingi linajionyesha lenyewe kwa mkia wa tarakimu usio na haya. Kosa la namba kamili iliyofurika linaweza kuwa kubwa kuliko jibu lenyewe, na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayeikimbia desimali bila kujua namba kamili zinaishia wapi ameikwepa hatari anayoiona, akaikaribia ile asiyoiona.

Tuanze na desimali, maana ndiyo inayolaumiwa. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Upande wa kulia wa nukta, nafasi ya kwanza inahesabu nusu, ya pili robo, ya tatu sehemu moja ya nane, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo sehemu pekee zinazoandikika kikamilifu ni zile ambazo asili yake inapatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara kadhaa. Nusu inaingia bila kubaki kitu, robo tatu nayo inaingia. Lakini moja ya kumi ina asili ya 10, na ndani ya 10 mna 5, na hakuna idadi ya mbili utakazozidisha upate 5. Ukiiandika moja ya kumi kwa mfumo huo inakwenda bila mwisho, 0011 ikijirudia, sawa na theluthi moja inavyokwenda 0.333 bila kikomo ukiiandika kwa desimali. Mtu aliyeridhika na 0.333 kwenye daftari lake la darasa la sita alikwisha kulikubali jambo hili. Alilikubali tu kwa theluthi, na kompyuta inalikubali kwa moja ya kumi.

Namba isiyo na mwisho haiwezi kukaa mahali penye mwisho, na hapo ndipo inapokatwa. Namna ya kuikata imewekwa na kiwango kinachoitwa IEEE 754, kilichopitishwa mwaka 1985. Aliyekiongoza kwa fikra zaidi ya wengine ni mwanahisabati William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Kwa kiwango hicho namba ya kawaida ya desimali ina biti 64: moja ya ishara ya chanya au hasi, 11 za kueleza nukta ikae wapi, na 52 za tarakimu zenyewe, pamoja na moja ya mbele isiyohitaji kuandikwa, ndipo tunapata 53. Kwa kuwa nukta inahamishwa kulingana na ukubwa wa namba, zinaitwa namba za nukta inayoelea. Zinaweza kushika umbali wa nyota au upana wa atomu, lakini daima kwa biti 53 za tarakimu, wala si zaidi.

Sasa tufuatilie ile jumla ya 0.1 + 0.2 hatua kwa hatua, kwa sababu undani wake ni mzuri kuliko maelezo yanayotolewa kwa kawaida. Tuchukue kipimo kidogo sana, yaani 1 inayokaa nafasi ya 17 baada ya nukta, tukiite chembe. Ukiandika 0.1, kompyuta inahifadhi namba iliyozidi moja ya kumi kwa chembe nusu na ushei. Ukiandika 0.2, inahifadhi iliyozidi kwa chembe 1.11. Jumla ya hizo mbili zilizohifadhiwa inazidi 0.3 kwa chembe 1.67 hivi. Lakini jumla hiyo yenyewe haiandikiki kwa biti 53. Karibu nayo zipo namba mbili tu zinazoandikika: moja iko chini ya 0.3 kwa chembe 1.11, na nyingine iko juu ya 0.3 kwa chembe 4.44. Pima katikati ya hizo mbili, utakuta jumla yetu imeangukia katikati kabisa, umbali sawasawa kushoto na kulia. Kiwango kimeweka kanuni ya hali hiyo: ikiwa umbali ni sawa, chagua namba ambayo biti yake ya mwisho ni sifuri. Hapa ni ile ya juu. Na ukiandika 0.3 moja kwa moja, kompyuta huchagua ile ya chini, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi. Ndiyo maana 0.1 + 0.2 na 0.3 si namba moja machoni pa mashine, ingawa kila hatua imefuata kanuni bila kukosea.

Hili linaeleza pia kwa nini ukijaribu 0.1 + 0.3 unapata 0.4 safi. Wanafunzi huona mashine haina msimamo. Ukweli ni kwamba makosa madogo ya kukadiria mara nyingine yanafutana na mara nyingine yanajumlishana, na huwezi kujua kwa kutazama tu tarakimu za desimali. Kuna matokeo mawili ambayo anayeanza lazima ayabebe. La kwanza, usiulize kama namba mbili za namna hii ni sawa kabisa. Ukijumlisha 0.1 mara kumi, moja baada ya nyingine, unapata 0.9999999999999999, na mzunguko wa programu unaosubiri ifike 1 kamili utapita bila kusimama na hautasimama tena. Uliza kama tofauti yao ni ndogo kuliko kiasi unachokivumilia. La pili, mpangilio una maana: (0.1 + 0.2) + 0.3 inatoa 0.6000000000000001, lakini 0.1 + (0.2 + 0.3) inatoa 0.6. Kanuni tuliyofundishwa shuleni, kwamba katika kujumlisha mabano hayabadili kitu, hapa haifanyi kazi.

Pamoja na hayo, angalia ukubwa wa kosa lenyewe. Kila mara jumla inapokadiriwa, kosa jipya halizidi sehemu moja kati ya milioni bilioni tisa za jibu. Ukifika trilioni moja ya shilingi, kosa la hatua moja halifiki hata sehemu ya hamsini ya senti. Hii ni ahadi iliyoandikwa katika kiwango, na mhandisi anaweza kuifanyia hesabu kabla programu haijaendeshwa. Ahadi hiyo inadhoofika sana kwa namba za biti 32, ambazo Java na C huziita `float`. Hizo zina biti 24 tu za tarakimu. Ukianza na sifuri na kuongeza 1 mfululizo katika `float`, utafika 16,777,216 na hapo namba itaganda. Ongeza 1 mara milioni nyingine, haitasogea, kwa sababu inayofuata inayoandikika ni 16,777,218, na 1 haitoshi kuifikia. Anayeweka shilingi zake katika `float` ana haki ya kulalamika, ingawa alichokosea ni kuchagua nafasi finyu.

Najua pingamizi litakalotolewa hapa, na ni zito. Ikiwa kosa la desimali ni dogo hivyo, mbona liliua watu? Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki lilipiga makazi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua wanajeshi 28. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulizuia haukulifyatulia. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza sababu. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba kamili, kisha hesabu hiyo ikazidishwa kwa 0.1 ili zipatikane sekunde. Hiyo 0.1 ilikuwa imekatwa ikae katika biti 24. Nukta haikuwa ikielea pale, lakini mzizi ni uleule tuliouona: moja ya kumi isiyoandikika. Kilichokatwa kilikuwa kama sekunde 0.000000095 kwa kila sehemu ya kumi. Mtambo ulikuwa umewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100. Katika saa 100 mna sehemu za kumi 3,600,000. Zidisha, utapata thuluthi moja ya sekunde na kidogo. Scud inakwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, kwa hiyo mtambo ulilitafuta kombora mahali ambapo halikuwepo, kwa umbali wa zaidi ya nusu kilomita.

Silipunguzi uzito tukio hilo. Lakini litazame vizuri uone linathibitisha nini. Kosa lile lilikua kwa mstari ulionyooka: saa mara mbili, kosa mara mbili. Hesabu niliyoifanya sasa hivi kwa sauti ni ya kuzidisha namba mbili, na ingeweza kufanywa kabla. Wiki mbili kabla ya shambulio, takwimu kutoka Israeli zilikuwa zimeonyesha kwamba baada ya saa 8 tu mtambo ulikuwa tayari umepotoka kwa kiasi kinachopimika. Siku kumi baadaye watumiaji walitumiwa tahadhari dhidi ya kuuwasha kwa muda mrefu sana, bila kuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo. Kosa lilikuwa limetoa dalili, na dalili zilikuwa zikikua polepole machoni pa watu. Hiyo ndiyo tabia ya makosa ya desimali. Namba kamili haina tabia hiyo.

Namba kamili ya kawaida katika Java, `int`, ina biti 32 na inaishia 2,147,483,647. Ukiongeza 1 hapo unapata hasi 2,147,483,648. Inafanana na kile kipimo cha kilomita kwenye gari kuukuu, kilichojaa tisa na kurudi sifuri: tarakimu zilizo ndani ya nafasi ni sahihi zote, ile ya mbele kabisa iliyokosa nafasi ndiyo iliyopotea. Kumbuka sasa kilichopotea katika desimali. Kule zilipotea tarakimu za mwisho, zenye thamani ndogo kuliko zote. Hapa zinapotea za mbele, zenye thamani kubwa kuliko zote. Sababu ni moja katika hali zote mbili, yaani nafasi zenye kikomo, lakini upande unaokatwa ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa hoja yangu yote.

Zoezi linalowanasa wanafunzi wengi ni lile la faktoria, yaani kuzidisha 1 kwa 2 kwa 3 mpaka namba fulani.

```java
int f = 1;
for (int i = 1; i <= 34; i++) {
    f = f * i;
    System.out.println(i + " " + f);
}
```

Mpaka 12 majibu ni sahihi: 479,001,600. Faktoria ya 13 ni 6,227,020,800, na haiingii katika `int`. Programu inachapisha 1,932,053,504. Tafadhali itazame namba hiyo. Ni chanya, ni kubwa, imeizidi iliyoitangulia, na inagawanyika kwa 13 bila… hapana, haigawanyiki, lakini ni nani atakayeigawanya? Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba dalili ya kufurika ni namba hasi atasubiri mpaka 17, ndipo aione hasi 288,522,240. Kati ya 13 na 16 amepokea majibu manne ya uongo yenye sura ya kweli. Akiendelea mpaka 34 anapata sifuri, na kuanzia hapo kila faktoria ni sifuri. Sababu yake inapendeza: katika kuzidisha 1 mpaka 34, mbili zilizofichika ndani ya namba hizo zinafika 32, kwa hiyo biti zote 32 za chini ni sifuri na kila kilichobaki kimemwagika nje.

Faktoria ni zoezi la darasani, nitoe mfano wa fedha. Fikiria programu ya SACCOS ya Tanzania yenye wanachama 1,200, na kwa wepesi wa hesabu kila mmoja ana akiba ya shilingi 4,000,000. Jumla halisi ni shilingi bilioni 4 na milioni 800. Programu inayojumlisha kwa `int` inatoa 505,032,704. Igawanye kwa 1,200 upate wastani wa akiba: shilingi 420,860. Jibu hilo halitamshtua mtu yeyote. Katika SACCOS halisi, ambamo mmoja ana laki mbili na mwingine ana milioni tisa, wastani wa laki nne na ushei ungepita kwenye ripoti na kusomwa mbele ya mkutano mkuu. Na mporomoko hauji polepole. Kwa wanachama 536 jumla ni sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Ongeza mmoja, wawe 537, jumla inakuwa hasi bilioni 2 na zaidi. Ikifika 1,074 inarudi kuwa chanya, shilingi milioni moja na kidogo. Aliyeijaribu programu yake kwa wanachama watano, kama wanavyofanya wote wanaojifunza, ameona kila kitu kikiwa sawa, na hakuna hata tarakimu moja ya ziada iliyomwonya.

Aliyeelezwa tatizo hili huambiwa atumie `long`, yenye biti 64. Ni dawa nzuri, lakini wengi huimeza vibaya. Huandika hivi:

```java
int wanachama = 1200;
int akiba = 4000000;
long jumla = wanachama * akiba;
```

Jibu bado ni 505,032,704. Java hutazama kwanza kinachozidishwa. Imeona `int` mara `int`, kwa hiyo inazidisha ndani ya biti 32, inafurika, kisha tokeo lililokwisha kuharibika ndilo linalowekwa katika nafasi pana. Kupanua chombo baada ya maji kumwagika hakurudishi kitu. Inatakiwa kuandikwa `(long) wanachama * akiba`, ili upanuzi utangulie kuzidisha. Naliona kosa hili kuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu mwandishi wake anaamini amejikinga, na anayemkagua akiona neno `long` naye anaamini.

Kwa nini basi mashine isiseme? Jambo linaloniudhi hapa ni kwamba mashine inajua. Prosesa za kompyuta zetu za mezani zina biti maalumu inayowashwa kila kujumlisha kunapofurika. Ni bendera iliyoinuliwa, tena bila gharama. Ila lugha ya programu haiulizi. Java imeandika katika kanuni zake kwamba namba itazunguka na kazi itaendelea. C ni kali zaidi: kufurika kwa namba yenye ishara hakuna maana yoyote iliyowekwa, na kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba hakutatokea kamwe. Matokeo yake, mwanafunzi akiandika kinga ya namna ya `if (x + 1 < x)`, kompaila inaweza kuifuta kinga hiyo yote, kwa hoja kwamba sharti lake haliwezi kutimia. Kinyume chake, desimali iliyozidi ukubwa inakuwa `Infinity`, na ile isiyo na maana inakuwa `NaN`, na alama hizo kwa kawaida hubaki ndani ya hesabu mpaka zionekane kwenye jibu. Kahan na wenzake waliziwekea desimali njia ya kuungama. Namba kamili hazikuwekewa.

Wapo watakaosema haya ni ya wazembe na wanaoanza tu. Ushahidi unakataa. Utafutaji wa kugawa katikati, unaofundishwa mwaka wa kwanza chuoni, hupata nafasi ya kati kwa `(low + high) / 2`. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyekuwa ameandika sehemu muhimu ya maktaba za Java, alitangaza hadharani kwamba mstari huo ulikuwa na kosa ndani ya maktaba rasmi ya Java kwa karibu miaka tisa. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja hivi, `low + high` inafurika, nafasi ya kati inakuwa hasi. Inatosha kuandika `low + (high - low) / 2`. Kwa miaka yote hiyo mstari ule ulisomwa na watu hodari na ukafanya kazi, kwa sababu orodha kubwa kiasi hicho zilikuwa adimu.

Wengine watasema Python haina tatizo hili, na ni kweli kwamba namba kamili za Python hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. Lakini mwanafunzi wa Python hakawii kufika kwenye NumPy kwa ajili ya takwimu, na huko orodha mbili za `int32` zikizidishwa zinafurika kimya kimya kama za Java. JavaScript nayo ina njia yake: namba zake za kawaida zote ni za nukta inayoelea, kwa hiyo zikipita 9,007,199,254,740,992 haziruki kuwa hasi, ila zinaanza kupoteza mamoja. Ongeza 1 kwenye namba hiyo, utapewa ileile. Kwa kiasi cha fedha hilo halina madhara makubwa. Kwa namba ya muamala yenye tarakimu 18, inayotakiwa kulinganishwa na nyingine, ni uharibifu.

Nirudi kwenye ushauri niliouanza kuupinga, katika sura yake iliyo bora: fedha ziwekwe kwa senti, katika namba kamili. Nakubaliana nao, kwa kuwa senti haigawanyiki na hesabu ya fedha inataka ulinganifu kamili. Lakini unapoandikwa katika vitabu vya nchi zenye dola, mwandishi ana mawazo ya bei za huko. Ukiweka senti katika `int`, kikomo ni 21,474,836 na senti 47. Kwa dola hiyo ni mali ya tajiri. Kwa shilingi za Tanzania haitoshi bei ya gari nyingi za mitumba, na kwa shilingi za Uganda au faranga za Burundi nafasi ni finyu zaidi. Mwanafunzi wetu aliyeufuata ushauri kwa utii ametoka kwenye desimali iliyokuwa inamkosea chini ya senti moja, akaingia kwenye namba kamili itakayomkosea zaidi ya shilingi milioni 40 kwa mpigo.

Kwa hiyo hesabu inayotakiwa kufanywa kabla ya kuchagua aina ya namba ni ya kikomo cha juu: kiasi kikubwa kabisa cha mtu mmoja, mara idadi kubwa kabisa ya watu, mara 100 ikiwa ni senti. Kwa SACCOS yetu, tuseme hakuna anayezidi milioni 500 na wanachama hawatazidi 100,000. Hiyo ni trilioni 50 za shilingi, senti trilioni 5,000. `long` inaishia kwenye namba yenye tarakimu 19, zaidi ya mara elfu moja ya hapo, basi inatosha kwa mbali. Pasipojulikana kikomo, Java tangu toleo la 8 ina `Math.addExact` na `Math.multiplyExact`, ambazo huisimamisha programu papo hapo namba inapofurika. Watu wanahofia zitapunguza kasi. Kwa programu ya akiba gharama hiyo haitahisiwa na mtu, na lugha ya Swift imeamua kufanya ukaguzi huo kila wakati bila kuombwa.

Ukiiandika upya ile programu ya faktoria kwa `Math.multiplyExact(f, i)`, inachapisha mpaka 12, kisha kwenye 13 inasimama na kuandika `integer overflow`. Ukibadili `f` kuwa `long`, inafika 20 salama na kusimama kwenye 21. Anayetaka faktoria ya 21 na kuendelea itambidi atumie `BigInteger`, inayoongeza nafasi kadiri namba inavyokua.